Mwenye Digrii ya Kemia Asiuze Povu, Auze Kipimo: Maoni Yetu Kuhusu Biashara ya Sabuni ya Maji

Ukiuliza mtu yeyote mtaani ni biashara gani anayeweza kuanza mhitimu wa kemia au bayolojia, jibu la kwanza huwa sabuni ya maji. Jibu la pili huwa ni kwamba sabuni ya maji imejaa kila mahali. Majibu yote mawili ni kweli. Maduka ya kemikali ya mjini yanauza vifaa vyote, na mara nyingi mwenye duka anakupa na maelezo ya kutengeneza bure. Kuna mafunzo ya siku moja makanisani na kwenye vyama. Mama aliyeishia darasa la nane anaitengeneza na anauza.

Sasa wewe uliyesoma miaka minne, na kupima vitu kwenye maabara mpaka macho yakauma, unaleta nini kipya?

Maoni yetu ni haya: mhitimu akiingia kwenye biashara hii kwa kufuata maelezo yale yale ya dukani, hana faida yoyote juu ya wengine, na pengine atashindwa kwa sababu wengine wana wateja tayari. Lakini akiingia na vipimo vyake, kuna mteja ambaye wengine hawawezi kumtosheleza. Mteja huyo ni mkahawa, saluni, shule au mahali pa kuoshea magari. Hao wananunua mtungi baada ya mtungi, na wanachotaka ni kwamba mtungi wa leo uwe sawa na wa mwezi jana. Hapo ndipo sabuni nyingi za mtaani zinaanguka.

Tuonyeshe kwa mfano mmoja, pipa la lita 20 la sabuni ya vyombo, hatua kwa hatua.

Vitu vinavyohitajika

Kwa lita 20 chukua kilo 1.2 za ungarol, ile krimu nzito inayotoa povu, na gramu 500 za asidi ya salfoniki, ile ya rangi ya kahawia inayoondoa mafuta. Ongeza kostiki soda, chumvi, kirekebisha maji kinachoitwa EDTA, kihifadhi, manukato na rangi. Vilivyobaki vyote ni maji.

Ungarol ya dukani kwa kawaida ina asilimia 70 ya kiini chenyewe, na asidi ya salfoniki ina karibu asilimia 96. Ukipiga hesabu, sabuni yako itakuwa na kiini cha kusafisha kinachokaribia asilimia 7. Hiyo ni sabuni inayoweza kuosha sufuria ya mafuta. Anayeongeza maji mpaka abaki na asilimia 2 au 3 bado anaweza kuifanya ionekane nzito kwa chumvi. Ndiyo maana uzito wa sabuni peke yake haumwambii mteja lolote.

Kipimo cha kwanza: kostiki

Asidi ya salfoniki ni kali. Lazima ituliwe kwa kostiki soda, yaani NaOH, kabla haijafika mkononi mwa mtu. Maelezo mengi ya mtaani yanasema weka kostiki "vijiko kadhaa". Hapa ndipo digrii yako inaanza kulipa.

Gramu 500 za asidi ya asilimia 96 zina gramu 480 za asidi yenyewe. Moli moja ya asidi hii ina uzito wa takriban gramu 322, kwa hivyo uko na moli 1.49. Kila moli inataka moli moja ya kostiki, na moli ya kostiki ni gramu 40. Jibu ni karibu gramu 60. Ndani ya asidi hiyo huwa pia kuna salfuriki kidogo iliyobaki kiwandani, nayo inakula kostiki yake. Ukiihesabu unafika karibu gramu 65.

Je, ukikosea kuna shida gani? Tuseme mtu ameweka gramu 100. Gramu 35 za ziada zinabaki bila kazi ndani ya lita 20, na hizo peke yake zinaipandisha pH kupita 12. Sabuni itatoa povu vizuri tu, na itanukia limau vizuri tu. Lakini yule dada anayeosha sahani mkahawani siku nzima, baada ya siku chache vidole vitaanza kupasuka na kuwasha. Akiweka gramu 40, mambo yanageuka: asidi inabaki, pH inashuka chini ya 2, na sufuria za alumini zinaanza kuchakaa. Kutoka gramu 40 hadi gramu 100 ni tofauti ya vijiko vichache tu. Kwa macho, mitungi hiyo miwili inafanana.

Kwa hivyo fanya hivi. Tumia ndoo ya plastiki, usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu kostiki inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Vaa miwani ya kukinga macho na glavu. Pima gramu 65 za kostiki kwa mzani wa dijitali, kisha uzitie polepole ndani ya lita moja ya maji baridi. Ni kostiki inayoingia kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki yatachemka na kukurukia. Acha ipoe.

Kwenye ndoo kubwa weka lita 5 za maji na gramu 20 za EDTA, halafu umimine mililita 900 za ule mchanganyiko wa kostiki. Mililita 100 ziweke kando. Sasa mimina asidi ya salfoniki kidogo kidogo huku ukikoroga. Itapata joto, na hilo ni la kawaida.

Chukua kijiko kimoja cha mchanganyiko, kitie kwenye vijiko tisa vya maji safi, kisha uchovye karatasi ya pH. Ikisoma chini ya 7, ongeza kutoka kwa zile mililita 100 ulizoweka kando, kidogo kwa kidogo, ukipima kila mara. Ikipita 8, rudisha kwa asidi ya limau iliyoyeyushwa. Unatafuta kati ya 6.5 na 7.5. Hata kama hesabu yako ni sahihi, usiruke karatasi, kwa maana kostiki iliyokaa wazi dukani hunyonya unyevu na hewa, na ikishanyonya nguvu yake imepungua.

Ungarol isikuharakishe

Baada ya hapo ongeza ungarol. Ukiitupa yote kwa mara moja na kumwagia maji, itageuka mabonge kama jeli ambayo hayayeyuki. Kosa si la duka. Krimu hii inapokutana na maji kidogo huwa nzito zaidi kabla haijawa nyepesi. Itie kwa vipande vidogo wakati mchanganyiko bado una uvuguvugu, ukikoroga taratibu bila kupigapiga povu. Ongeza maji hadi ufike karibu lita 18, funika, uache ilale usiku mmoja. Asubuhi mabonge yatakuwa yameisha na povu limetulia. Ndipo unaweka kihifadhi, manukato na rangi. Chumvi bado.

Kipimo cha pili: chumvi

Chumvi ndiyo inayoifanya sabuni iwe nzito. Viini vya sabuni vikiwa ndani ya maji hukusanyika mafungu madogo madogo, na mafungu hayo husukumana kwa sababu yana chaji ya aina moja. Chumvi inapunguza kusukumana huko, mafungu yanarefuka kama nyuzi, nyuzi zinasokotana, na sabuni inakuwa nzito. Lakini kuna kilele. Ukipita kilele hicho, chumvi zaidi inaifanya sabuni iwe nyepesi tena kama maji.

Wengi wameliona jambo hili bila kulielewa. Sabuni imekuwa nyepesi, anaongeza chumvi, inazidi kuwa nyepesi, anaongeza tena, mwishowe pipa zima limeharibika. Chumvi ikishaingia haitoki. Njia iliyobaki ni kuongeza maji na viini zaidi, yaani gharama.

Dawa yake ni jaribio la glasi tano. Nunua sindano ya mililita 20 kwenye duka la dawa. Yeyusha gramu 25 za chumvi kwenye maji mpaka ujazo wote ufike mililita 100. Sasa kila mililita 4 zina gramu moja ya chumvi. Pima mililita 200 za sabuni kwenye kila glasi. Glasi ya kwanza weka gramu moja ya chumvi, ya pili mbili, hivyo hivyo hadi tano. Koroga, uache saa moja. Chukua chupa ndogo iliyotobolewa kifuniko, mimina sabuni ya kila glasi kwa zamu, uigeuze juu chini, na utumie saa ya simu kuhesabu sekunde mpaka iishe.

Tuseme umepata sekunde 12, 25, 48, 41 na 20. Kilele kiko karibu na glasi ya tatu, ile ya gramu 3. Usichague kilele chenyewe. Rudi nyuma kidogo, uchukue gramu 2.5 kwa kila mililita 200. Kwa lita 20 hiyo ni gramu 250. Ziyeyushe kwenye lita moja ya maji, mimina polepole ukikoroga, halafu ujazie maji mpaka lita 20. Ukibaki upande huu wa kilele, hata siku ya baridi au maji yakibadilika kidogo, sabuni haitakuangusha.

Jaribio hili lifanywe baada ya manukato kuingia, kwa sababu manukato nayo hubadilisha uzito. Pia lirudie kila ukibadilisha duka la ungarol na kila ukibadilisha maji.

Hilo la maji ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maji ya kisima sehemu nyingi, kwa mfano Kitengela au karibu na bahari pale Pwani, huja na chumvi yake mwenyewe. Mtu aliyejifunza kutengeneza sabuni kwa maji ya mfereji Nairobi, akihamia huko na maelezo yale yale, anavuka kilele bila kujua. Kisha kuna maji magumu, yenye kalsiamu nyingi, ambayo hushika asidi ya salfoniki na kuleta ukungu na povu hafifu. EDTA tuliyoweka mwanzoni inaishika hiyo kalsiamu kabla haijaleta shida.

Kipimo cha tatu, cha watu wa bayolojia: kuoza

Ndiyo, sabuni huoza. Watu wengi hawaamini, kwani sabuni si ndiyo inaua viini? Lakini sabuni hii ni zaidi ya asilimia 85 maji, na kuna bakteria, hasa jamii ya Pseudomonas, wanaoweza kuishi humo na kula viini vyenyewe. Dalili zake ni hizi: harufu ya manukato inageuka kuwa ya yai au ya kinamasi, rangi inafifia, sabuni iliyokuwa angavu inapata ukungu, na uzito unapotea bila mtu kuigusa. Mteja akirudisha mtungi baada ya wiki tatu akisema "hii sabuni imekufa", mara nyingi hiyo ndiyo sababu.

Hapa tunaona makosa mawili. La kwanza ni kutumia formalini. Ni rahisi kupata, lakini inawasha macho na ngozi, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Haifai kwenye kitu kinachogusa sahani na mikono kila siku.

Kosa la pili ni la kimyakimya zaidi: kutumia benzoeti ya sodiamu kwenye sabuni yenye pH ya 8 au 9. Benzoeti hufanya kazi inapokuwa katika hali yake ya asidi, yaani pH ikiwa chini, karibu 5. Juu ya hapo ipo ndani lakini hailindi chochote. Umelipia kihifadhi na huna kihifadhi.

Kwa sabuni yetu ya pH 7, kinachofaa ni vihifadhi vya jamii ya isothiazolinoni. Ile inayouzwa ikiwa na nguvu ya asilimia 1.5 hutumika kwa kiasi cha karibu gramu moja kwa kilo, kwa hivyo gramu 20 kwa pipa letu. Usizidishe ukidhani unajilinda, maana ikizidi inaleta mzio wa ngozi. Iweke sabuni ikiwa imepoa, na pH isipite 8, la sivyo inavunjika. Unaona basi kwamba kipimo cha kwanza ndicho kinachobeba hiki cha tatu.

Na kihifadhi hakiwezi kuokoa uchafu. Mtungi wa mafuta ya kupikia uliosuuzwa haraka haraka umebeba chakula cha bakteria. Chemsha maji, osha mitungi kwa maji ya moto, uikaushe. Kutoka kila pipa chukua chupa mbili ndogo, uziandike tarehe. Moja iweke kabatini, nyingine mahali pa joto kama karibu na jiko, uiangalie kila wiki kwa wiki nne. Mteja akilalamika, una chupa ya kulinganisha. Ikiwa yako ni nzima na yake imeharibika, tatizo liko kwenye mtungi wake, na unaweza kumweleza bila kugombana.

Hesabu ya pesa

Bei zinabadilika, kwa hivyo chukua hizi kama mfano na uweke za duka lako. Ungarol shilingi 300, asidi ya salfoniki 130, na vile vidogo vyote 250. Mitungi minne mipya ya lita 5 kwa 60 ni 240. Usafiri 100. Jumla 1,020. Ukiuza kila mtungi kwa 350, unapata 1,400, na kinabaki 380.

Kwa pipa moja 380 si pesa ya kujivunia, na ndiyo maana kupeleka chupa moja moja nyumba kwa nyumba kunachosha watu wakaacha. Lakini mkahawa mmoja unaotumia lita 20 kwa wiki ukikurudishia mitungi yako, 240 inabaki mfukoni, na faida inakaribia 620 bila kuongeza bei. Wateja wanane wa aina hiyo ni karibu 5,000 kwa wiki. Kuwapata wanane si rahisi. Kuwaweka kunategemea jambo moja, kwamba pipa la kumi linafanana na la kwanza.

Kuna watakaosema mteja wa Kenya anataka povu, harufu na bei ya chini, mengine ni mambo ya darasani. Kwa mtu anayenunua sabuni ya shilingi 50 dukani, tunakubali. Huyo usimfuate, utashindana na viwanda vikubwa kwa bei na hutaweza. Lakini mwenye mkahawa ambaye mfanyakazi wake amekataa kuosha vyombo kwa sababu mikono inamuuma, huyo anajua gharama ya sabuni mbaya. Mpelekee mtungi mmoja na karatasi ya pH, mpime ile anayotumia sasa na yako mbele yake. Utakuwa umemaliza maneno.

Malipo yapokee kwa namba ya biashara, si kwenye simu yako ya kawaida, ili pesa ya kostiki isiende kwa chapati. Na mkopo kwa mteja usizidi mtungi mmoja: anayetaka wa pili alipie wa kwanza.

Kabla hujabandika lebo

Ukianza kuuza kwa jina lako dukani au shuleni, utahitaji alama ya ubora ya KEBS pamoja na leseni ya biashara ya kaunti. Nunua nakala ya kiwango cha sabuni ya maji uisome kabla hujapeleka sampuli, kwa kuwa ndiyo utakayopimwa nayo. Mnunuzi naye anaweza kuhakikisha alama ya bidhaa yoyote kwa kutuma SM# na namba ya kibali kwenda 20023, kwa hivyo alama ya kubuni inagundulika kwa ujumbe mmoja.

Jambo la mwisho halina mjadala. Kostiki na asidi zisiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano. Mtoto hasomi lebo. Kostiki inaunguza koo, na aliyeinywa hatapishwi. Anasuuzwa mdomo na kukimbizwa hospitali. Weka kwenye chombo chake, kwenye kabati lenye kufuli.

Ukitaka kujaribu wiki hii, usianze na lita 20. Gawanya kila kiasi kwa nne, utengeneze lita 5: gramu 300 za ungarol, gramu 125 za asidi ya salfoniki, gramu 16 za kostiki, na vilivyobaki hivyo hivyo. Nunua kwanza mzani na karatasi za pH, kisha kemikali. Andika kila namba kwenye daftari, pamoja na duka ulikonunua na maji uliyotumia. Pipa la pili likitoka sawa na la kwanza, unaweza kwenda kubisha mlango wa mkahawa.